Robo ekari ya upana wa mita 25: mahindi mistari 33, maharage 32

"Nina kipande cha robo ekari hapa Babati, upana mita 25 na urefu mita 40. Nataka kupanda mahindi kwa sentimita 75 na maharage ya Lyamungo 90 katikati. Kijana wa kunipimia anasema mahindi yataingia mistari 34. Jirani anasema 33, na maharage 33 vilevile. Mwingine ananishauri niweke mistari miwili ya maharage kila nafasi ili nivune mara mbili. Nani yuko sawa, na ninunue mbegu kiasi gani?"

Mahindi ni mistari 33 na maharage ni 32. Jirani amepatia mahindi akakosea maharage. Kijana wako amechanganya hesabu mbili, kila moja ikiwa sahihi ikisimama peke yake. Na huyo wa mistari miwili, tutamrudia, maana ushauri wake ndio unaoweza kukugharimu zaidi.

Tuanze na kijana. Amechukua mita 25 akagawa kwa 0.75, akapata 33 na ushee. Kisha akakumbuka kwamba mistari huzidi nafasi kwa moja, kama nguzo za uzio, akaongeza 1, zikawa 34. Kanuni hiyo ya kuongeza moja ni ya kweli, ila hutumika pale tu mstari wa kwanza na wa mwisho vinapokaa kwenye ncha kabisa za eneo unalogawa. Kwenye shamba hufanyi hivyo. Mstari wa mahindi unahitaji udongo na mwanga pande zake zote mbili, sentimita 37.5 huku na 37.5 kule, na mstari wa pembeni nao unazihitaji. Ukipanda mistari 34, nafasi 33 zitakula mita 24.75, na upande wa mpaka utabakiwa na sentimita 12 na nusu tu. Hapo mahindi yako yatasimama karibu juu ya mpaka, jirani akilima atayakata mizizi, na mbuzi wa njiani hatahitaji hata kunyoosha shingo.

Hesabu iliyo sawa unaweza kuifanya kwa njia mbili, na zote zinafika mahali pamoja. Ya kwanza ni kumpa kila mstari sentimita 75 zake, nusu kila upande, ukagawa upana wote: 25 kwa 0.75 ni 33.3, unatupa desimali, umepata mistari 33 na huongezi kitu. Ya pili ni kutoa kwanza pembezoni. Toa 37.5 kila upande, zibaki mita 24.25, gawa kwa 0.75 upate 32.3, tupa desimali, nafasi ni 32. Sasa ndipo unaongeza 1, mistari 33. Kijana amegawa kwa njia ya kwanza akaongeza moja ya njia ya pili.

Ukiitaka kwa kifupi ili uitumie shamba lolote, ukiwa na U kama upana wa shamba, P kama pembezoni ya upande mmoja na N kama nafasi kati ya mistari, vyote kwa mita, ni hivi:

```
nafasi  = (U - 2 x P) / N, tupa desimali
mahindi = nafasi + 1
maharage = nafasi x mistari ya maharage kwa kila nafasi
```

Maharage hufuata nafasi, hayafuati mistari ya mahindi. Nafasi 32 zikipewa mstari mmoja mmoja ni mistari 32. Ule wa 33 wa jirani ungelazimika kukaa nje ya mahindi ya mwisho, na huko kuna nusu mita tu. Maharage ukiyaweka sentimita 37 kutoka kwenye mahindi, yatakuwa yamebakiwa na upana wa kiganja kabla ya mpaka. Achana nao.

Umeona kwamba nafasi 32 zinakula mita 24 kamili, zikabaki mita moja. Igawe pande mbili, nusu mita kila upande, usiilundike yote upande wa mwisho kama wanavyofanya wengi wanaoanza kupima kwenye mpaka. Kwa hiyo mstari wa kwanza wa mahindi unasimama sentimita 50 kutoka mpakani, wa pili mita 1.25, wa tatu 2.00, na kuendelea hadi wa mwisho mita 24.50. Maharage ya kwanza yako kwenye sentimita 87 na nusu, ya mwisho kwenye mita 24 na sentimita 12 na nusu.

Sasa, kwenye karatasi mambo yote huingia. Shambani ndipo mistari 33 inapogeuka 32. Sababu kubwa ni kijiti. Watu wengi hukata kijiti cha sentimita 75, wakapima kutoka kigingi hadi kigingi. Kigingi kina unene wa sentimita mbili hivi. Ukianzia kipimo ubavu wa mbele wa kigingi badala ya katikati, kila hatua unaiongeza kidogo. Tuseme unaongeza sentimita 2 tu. Kwa nafasi 32 umeongeza sentimita 64, na mstari wa 33 unaangukia mita 25.14, ndani ya shamba la jirani. Mpimaji anaona nafasi imekwisha, anaacha mstari, na wewe unadhani kipande chako ni kidogo kuliko ulivyoambiwa.

Dawa yake ni kupima kila kitu kutoka alama moja. Chukua futi ya mafundi ujenzi, ile ya mita 30, uilaze kutoka mpaka hadi mpaka na usiiondoe mpaka umemaliza kuweka alama zote. Kwa sentimita 75 una bahati: kila nafasi nne ni mita 3 kamili. Weka kwanza vigingi vikubwa kwenye 0.50, 3.50, 6.50, 9.50, 12.50, 15.50, 18.50, 21.50 na 24.50. Hivyo tisa ni mistari ya 1, 5, 9 na kuendelea hadi wa 33. Kisha jaza mitatu mitatu katikati. Kosa lolote utakalofanya ndani ya mita tatu halitavuka kigingi kikubwa kinachofuata. Fanya hivyohivyo mwisho mwingine wa shamba, mita 40 kule, ndipo uvute kamba.

Kuhusu kamba, ile ya manila inavutika, kwa hiyo usiifunge mafundo ya kupimia nafasi za mistari. Itumie kunyoosha mstari tu. Ya katani nayo ikilowa hujikunja na kuwa fupi, na asubuhi ya kupandia mara nyingi kuna umande. Ukitaka kamba yenye alama za mashimo, tumia waya mwembamba.

Kabla ya yote hayo hakikisha kona ni ya mraba. Kwenye kona pima mita 6 upande mmoja na mita 8 upande mwingine. Ncha hizo mbili zikiachana mita 10, kona iko sawa. Na upime upana kwenye miisho yote miwili ya shamba, usiamini mmoja. Mashamba yetu ni nadra kuwa na pande sawa. Tuseme juu ni mita 25 na chini ni 23.2. Usibane mistari ili yote 33 ifike chini, kwa sababu nafasi ya 75 itakuwa chini ya 70 na mahindi ya huko yatanyang'anyana. Anzia upande ulionyooka, peleka mistari sambamba nao, na mitatu ya mwisho ikatike njiani inapokutana na mpaka. Mistari 30 itafika chini, mitatu itakuwa mifupi, basi. Kama kuna mteremko, mistari ikate mteremko hata kama itakubidi kuigeuza ifuate upande wa mita 25, na futi uishike ikiwa mlalo hewani, usiilaze kwenye udongo unaopanda.

Turudi kwa aliyekushauri mistari miwili. Kimahesabu inaingia. Ukigawa sentimita 75 kwa tatu, kila mstari unapata 25: mahindi, 25, maharage, 25, maharage, 25, mahindi. Utakuwa na mistari 64 ya maharage. Lakini hesabu mimea, usihesabu mistari.

Maharage ya Lyamungo 90 hayatambai, na kwenye mstari hupandwa kila sentimita 20, mbegu mbili kila shimo. Ukiacha nusu mita kila mwisho, mstari wako una mita 39, yaani mashimo 196. Mistari 64 itabeba mashimo 12,544, na kwa mbegu mbili ni mimea 25,088. Sasa linganisha na mtu anayepanda maharage matupu, bila mahindi hata bua moja, kwa ile nafasi ya kawaida ya sentimita 50 kwa 20, mbegu mbili kila shimo. Kwenye robo ekari kama yako atakuwa na mimea kama 20,000. Kwa maneno mengine, unashauriwa uweke maharage mengi kuliko shamba la maharage matupu, kisha juu yake uongeze mahindi kamili. Mvuno wa mara mbili utatoka wapi? Mwanga haujaongezeka, wala maji.

Matokeo yake huonekana mapema ukijua pa kuangalia. Wiki ya tano au ya sita, mashina ya maharage yanakuwa marefu na membamba, yakiegemea katikati ya nafasi kutafuta mwanga, na maua ni machache. Ingia shambani saa nne asubuhi uguse majani ya chini: kama bado yana maji ilhali majani ya nje yamekauka, hewa haipiti humo, na hapo ndipo ukungu wa mashina na kutu ya majani huanzia. Palizi nayo inakuwa shida. Jembe la mkono lina upana wa karibu hizo sentimita 25, kwa hiyo kila pigo linakata mzizi wa mmoja wao, na vibarua wanaishia kung'oa kwa mkono au kuacha majani yakue.

Kwa nafasi ya sentimita 75, mstari mmoja, katikati. Maharage yanakuwa sentimita 37 kutoka kwa mahindi kila upande, jembe linapita, na unaweza kuweka mbolea ya kukuzia kando ya shina la hindi bila kuyamwagia maharage. Mimea ya maharage ni 12,544, kiasi cha thuluthi mbili hivi ya shamba la maharage matupu. Hicho ndicho kiwango ambacho ningekishikilia, kati ya 12,000 na 14,000 kwa robo ekari, mistari uipange utakavyo.

Kwa sababu kuna namna nyingine za kuipanga. Ukipanua mahindi hadi sentimita 90, mistari miwili ya maharage inakaa vizuri, sentimita 30 kati ya kila kitu. Kwa upana wako, ukitoa 45 kila pembe unapata nafasi 26, mistari 27 ya mahindi na 52 ya maharage. Lakini hapo lazima ubadilishe mambo mawili. Mahindi uyasogeze kwenye mstari, kutoka sentimita 30 hadi 25 kati ya shimo na shimo, ili idadi ibaki ileile: mistari 27 yenye mashimo 157 ni mimea 4,239, dhidi ya 4,323 ya ule mpango wa 75. Na maharage upande mbegu moja moja kila sentimita 15, utapata 13,572. Ukiyaacha kwa mbili mbili kila 20, yanafika 20,384, na umerudi kwenye tatizo lilelile kwa mlango wa nyuma. Mpango huu unamfaa mwenye kulima kwa ng'ombe ambaye mistari yake tayari ni mipana.

Ule ninaoupenda mimi ni wa tatu, ulioenezwa Bungoma, magharibi mwa Kenya, na shirika la SACRED Africa, unaitwa MBILI. Mahindi yanapandwa mistari miwili miwili iliyokaribiana, sentimita 50, kisha inaachwa nafasi ya mita nzima, na ndani ya hiyo mita inaingia mistari miwili ya maharage kwa sentimita 33. Jozi moja na nafasi yake ni mita 1.50, sawasawa na mistari miwili ya kawaida ya 75, kwa hiyo hupotezi mahindi. Kinachobadilika ni kwamba maharage yanapata uchochoro mpana wa mwanga badala ya kubanwa kila upande na bua la hindi.

Kwako itakuwa hivi. Jozi 16 zinakula mita 23, zinabaki mbili, mita moja kila pembe. Jozi ya kwanza ya mahindi iko kwenye 1.00 na 1.50, ya pili 2.50 na 3.00, na ya mwisho 23.50 na 24.00. Hiyo ni mistari 32 ya mahindi, mmoja tu pungufu ya ule mpango wa kwanza. Nafasi pana ni 15, mistari 30 ya maharage; ya kwanza kwenye 1.83 na 2.17. Na ile mita ya kila pembe nayo inameza miwili, kwenye sentimita 67 na 34 kutoka mpakani, jumla 34. Kwa mashimo 196 na mbegu mbili ni mimea 13,328. Umepata maharage mengi kidogo kuliko mpango wa 75, na yana mwanga. Faida nyingine ambayo watu hawaisemi ni ya mbolea: anayekuzia anatembea ndani ya ule ujia wa sentimita 50, anahudumia mahindi ya kulia na ya kushoto, hagusi maharage kabisa.

Ubaya wake ni kwamba vibarua huuvuruga. Mtu aliyezoea nafasi moja akishika kamba ataweka jozi mbili kwa 75 na maharage yatakosa mahali. Kama hutakuwepo mwenyewe siku ya kupanda, baki na 75 na mistari 33 kwa 32. Ukiwepo, na vigingi umevipaka rangi mbili tofauti, nenda na wa jozi.

Vyovyote utakavyochagua, maharage yaingie siku moja na mahindi au ndani ya siku chache. Lyamungo 90 ni fupi, na ukiichelewesha wiki tatu hindi limeshaanza kuifunika. Hesabu hizi zote ni za maharage yasiyotambaa. Yale ya kutambaa yana utaratibu wake, hupandwa karibu na shina la hindi baada ya hindi kufika magotini, nayo hayahitaji mistari ya katikati.

Mbegu sasa. Kwa mpango wa 75, mahindi ni mistari 33, mashimo 131 kila mstari kwa sentimita 30, mbegu moja kila shimo: mbegu 4,323. Hizo ni kama kilo moja na nusu, kutegemea ukubwa wa punje, kwa hiyo paketi ya kilo 2 inatosha na inabaki ya kurudishia mashimo yasiyoota.

Maharage pima mwenyewe, kwa sababu ukubwa wa punje hutofautiana sana kati ya mfuko na mfuko. Nenda na punje zako dukani wakupimie robo kilo, kisha uzihesabu ukiwa nyumbani. Lyamungo 90 ni punje kubwa; ukipata kama 550, basi mbegu 12,544 ni kilo 5.7. Nunua 6. Kwa mpango wa jozi unahitaji kilo 6.1, nunua 6 na nusu. Wiki mbili kabla ya mvua panda punje 100 kwenye mchanga uliolowa. Zikiota 90 nenda na kiasi hicho. Zikiota 75, usiongeze mbegu shimoni, maana mashimo mengine yatatoa tatu na mengine hayatatoa kitu. Tafuta mbegu nyingine wakati maduka bado yanazo.